Tarehe Mbili kwa Wino Mzito

Mkunga mstaafu alikuwa na kawaida ya kwenda makaburini kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. "Naenda kumpalilia mzee," ndivyo alivyosema, kana kwamba mumewe ni shamba la mahindi, na binti yake alishachoka kumsahihisha. Jumamosi hiyo alifika na jembe lake dogo na chupa ya maji, akaanza kuhesabu kwa hatua, macho chini, kutoka kwenye bomba kama siku zote: moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Kaburi la tisa halikuwepo. La nane pia, na la kumi. Safu nzima iliyopakana na barabara ilikuwa udongo uliosawazishwa, na juu yake vigingi vya mbao vimepangwa mstari.

Mlinzi wa getini alimfuata polepole.

"Pole, mama. Wamehamishwa wiki mbili sasa. Barabara inapanuliwa. Si mlipewa barua?"

Mkunga aliliangalia jembe mkononi mwake kama mtu aliyesahau limefikaje pale. "Barua zipi?" akauliza. Kisha akakumbuka kwamba barua kweli alipewa.

Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye benchi, nje ya idara ya makaburi ya halmashauri ya mji. Karani wa idara, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyoshikizwa kwa gundi mkono mmoja, alipofungua dirisha namba nne na kusikia shida yake, alijikaza kupokea matusi. Wiki iliyopita alitukanwa na watu wawili, na wa tatu alilia, jambo lililokuwa baya kuliko matusi. Lakini mama huyu aliomba kiti tu. Karani akamkaribisha ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kugombana. Nina swali moja." Akatoa barua kwenye mkoba, akaikunjua juu ya meza, akaigeuza imwelekee karani. "Nionyeshe ni wapi mliniambia nije."

Karani aliijua barua ile. Yeye ndiye aliyeipiga chapa, kwa kufuata kiolezo cha miaka yote. Juu kabisa iliandikwa TANGAZO LA HARAKA SANA!!! kwa herufi kubwa, zikakolezwa wino, zikapigiwa mstari. Chini yake aya nzima ya kwanza ilikuwa ya herufi kubwa, nayo ilitaja sheria na kifungu chake. Ikafuata ONYO. Ikafuata MUHIMU. Jina la halmashauri lilikolezwa kila lilipotajwa, na lilitajwa mara sita. Karani akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akateremka. Kidole kikapita HALMASHAURI HAITAWAJIBIKA, kikapita WANANCHI WOTE WANAKUMBUSHWA, kikageuza ukurasa. Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga. Mama alimsubiri, mikono yake imekaa mapajani.

"Hapa," alisema karani hatimaye. Jasho lilikuwa limemtoka kidogo. "Aya ya nne. 'Kujiandikisha kabla ya tarehe kumi na nne.'"

"Na wewe ndiye uliyeiandika."

"Ndiyo, mama."

"Basi mimi ningeionaje?"

Mama akaendelea, bila kupandisha sauti.

"Mwaka jana mliniletea HARAKA SANA ya rangi ya mapipa ya taka. Nikaacha kupika, nikavaa miwani, nikasoma: mapipa. Mkaleta HARAKA SANA ya watu wa takwimu. Mkaleta ya dawa ya mbu, ambayo haikupulizwa mpaka leo. Hii ilipokuja nikaiweka na wenzake kwenye droo ya vijiko. Nimezalisha wanawake miaka thelathini na mmoja, mwanangu. Mkunga anayepiga kelele 'sukuma, sukuma' tangu uchungu wa kwanza, anamchosha mama bure. Ukifika wakati wenyewe wa kusukuma, mama hana nguvu na wala hakusikii tena. Unanyamaza. Unamshika mkono. Halafu neno linasemwa mara moja, kwa wakati wake."

Karani alifungua daftari la uhamisho. Mume wa mama alikuwa kwenye makaburi mapya ya nje ya mji, safu ya pili, namba thelathini na nne. Alimwandikia kwenye karatasi, akamchorea na njia ya kuingilia. Mama alisoma ile karatasi ndogo mara moja tu, akaikunja.

"Nani alikuwepo alipotolewa?"

"Afisa afya alikuwepo. Na watu wa mkandarasi. Na mimi." Akasita. "Walifanya kwa heshima, mama. Hilo naweza kuliapia."

"Lakini hapakuwa na mtu wa kumwita jina lake."

"Hapakuwa."

Mama alipoondoka, karani aliketi kitambo mbele ya ile barua. Safu ya kwanza ilikuwa na makaburi sitini na matatu. Familia zilizojiandikisha zilikuwa ishirini na tisa. Ofisini walisema ndivyo watu walivyo, hawajali wafu wao, na yeye alikuwa ameitikia kwa kichwa kama wenzake. Sasa alichukua penseli akahesabu vitu vilivyokolezwa kwenye barua. Alipofika arobaini na moja akaacha, maana ukurasa wa pili ulikuwa bado.

Kwenye kompyuta yake kulikuwa na barua nyingine, ya awamu ya pili: makaburi mia moja na kumi na nane, safu mbili za ndani. Ilikuwa ileile, zimebadilishwa tarehe tu. Mkuu wa idara alikwisha kuipitisha. Ilikuwa itoke Ijumaa.

* * *

Mkuu wa idara alikuwa mwanamke mchapakazi, asiyekaa kitini dakika tano, na nyuma ya mgongo wake watu walimwita Mama King'ora. Kila barua pepe aliyoituma ilikuwa na alama nyekundu na neno HARAKA. Ya chai kuisha ofisini ilikuwa HARAKA. Ya kuzima taa za choo ilikuwa HARAKA SANA. Si kwamba alikuwa mkorofi. Wafiwa waliokosa nauli aliwapa kutoka mfukoni mwake, ingawa hakupenda hilo litajwe.

"Unataka kufanya nini?" alimuuliza karani, kalamu mkononi.

"Kuiandika upya, mkuu. Kuondoa herufi kubwa. Kuondoa ONYO na HARAKA. Tukoleze tarehe tu, na kile mtu anachotakiwa kufanya."

"Watu hawasomi. Ndiyo maana tunawapigia kelele."

"Tumewapigia. Thelathini na wanne hawakuja."

Mkuu aliweka kalamu chini. Akaenda kufunga mlango, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Nikwambie kitu. Miaka kumi na miwili iliyopita, nikiwa karani kama wewe, nilitoa tangazo la kufunga maji ya mtaa mmoja. Karatasi moja safi, maandishi madogo. Watu wakasema hawakuliona. Nikaitwa mbele ya kikao, mtu mzima mimi, nikaulizwa kwa nini sikuandika kwa herufi kubwa. Tangu siku hiyo nikasema hakuna atakayeniambia hakuona."

"Nakuelewa, mkuu. Lakini huyu mama aliiona. Ameiona mpaka ameizoea."

"Na sheria? Mwanasheria ataniambia nini?"

Wakampigia mwanasheria wa halmashauri palepale. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema sheria inataka barua itaje kifungu, sababu ya kuhamisha, mahali wafu wanapopelekwa, siku yenyewe, na haki ya mtu kuweka pingamizi. "Inataka yasemwe," alisema. "Haijasema popote yapigiwe makelele." Akakata simu.

Mkuu alikuna shingo. "Niletee kesho asubuhi. Nikiona haina meno, inatoka ya zamani."

Karani alianza kwa kuiondolea barua yote ukolezi na herufi kubwa, mpaka ikabaki maandishi matupu, ya kijivu, kama uwanja baada ya mvua. Akaogopa kidogo. Iliyokuwa ikionekana kali sasa ilionekana haina mwenyewe. Kisha akajiuliza lile swali la mama: nije wapi, lini? Akagundua kwamba katika kurasa zote mbili, mtu alitakiwa kufanya mambo mawili tu. Kujiandikisha kwenye dirisha namba nne, kabla ya Ijumaa tarehe tisa ya mwezi uliofuata. Na kufika makaburini siku ya kuhamisha kama anataka kuwepo. Mengine yote yalikuwa ya kujua, si ya kufanya.

Akayaleta mawili hayo juu kabisa, kila moja kwenye mstari wake. Sheria na vifungu akavishusha chini, kwa sentensi za kawaida, hakuna kilichofutwa. Badala ya TANGAZO LA HARAKA SANA akaandika: "Kaburi la ndugu yako litahamishwa." Alipoisoma, mwenyewe alishtuka. Sentensi ile haikuhitaji alama ya mshangao.

Kisha vidole vikaanza kumwasha. Akakoleza namba ya dirisha. Akakoleza vya kuja navyo, kitambulisho na kibali cha mazishi. Akakoleza "hakuna malipo yoyote", kwa kuwa aliona ni habari njema. Akakoleza namba ya simu. Alipojitazama, alikuwa amekoleza nusu ya ukurasa tena.

Saa kumi alipotoka kazini hakwenda kwake moja kwa moja. Alipitia kwa mkunga, kwa anwani iliyokuwa kwenye daftari. Binti yake alifungua mlango, akamtazama kwa jicho la kuuliza, akaita, "Mama, mtu wa makaburi!" kwa namna iliyowafanya majirani wawili wageuke.

Mama aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni.

"Nimeona namba ya simu kwanza," alisema. "Nipige simu?"

"Hapana, uje dirishani. Simu ni ukikwama."

"Basi mbona ndiyo inayonikodolea macho?"

Wakaketi. Karani akatoa penseli. Kwa kila neno lililokolezwa, mama aliuliza swali moja: hili nilifanye, au nilijue tu? Hakuna malipo: la kujua. "Lakini libaki karibu na juu," alisema binti kutoka jikoni, "maana watu wakiona barua ya halmashauri wanadhani wanadaiwa." Likabaki, sentensi fupi, maandishi ya kawaida. Kitambulisho na kibali vikaungana na mstari wa kujiandikisha. Kisha mama akaweka kidole kwenye "kabla ya Ijumaa tarehe 9".

"Hiyo tarehe tisa yenyewe imo au haimo?"

Karani alikuwa ameandika "kabla ya" kwa miaka kumi na tano.

"Imo."

"Basi sema mwisho ni Ijumaa tarehe tisa. Nisije nikafika siku hiyo ukanifungia dirisha."

Mwishowe vilibaki vitu viwili vilivyokolezwa katika ukurasa mzima, maana sasa barua ilikuwa ukurasa mmoja: "Jiandikishe, mwisho Ijumaa tarehe 9," na "Fika makaburini Jumatano tarehe 21, saa mbili asubuhi."

Mkuu aliisoma kesho yake akiwa wima, kama kawaida.

"ONYO liko wapi?"

"Lipo, mkuu. Mstari wa tatu."

Akasoma kwa sauti: "Usipojiandikisha, tutalihamisha kaburi bila wewe kuwepo." Akairudia tena kimoyomoyo, midomo ikitembea. "Hii inauma kuliko ONYO," alisema. Akaitia sahihi. Lakini akiwa mlangoni akaongeza, "Ikishindwa, ni yako."

* * *

Kufikia tarehe tisa jioni, familia tisini na sita zilikuwa zimejiandikisha. Foleni ilifika mpaka kwenye ngazi. Watu walikuja wameishika barua mkononi, wengine wameikunja ile sehemu ya juu tu ionekane, na karibu wote walikuja na kitambulisho. Wachache walikuwa wamepoteza vibali vya mazishi; hao karani aliwatafutia majina kwenye daftari la zamani. Mzee mmoja, fundi saa, alimwambia, "Nimekuja kwa sababu hamkunitisha." Wengine hawakuja. Barua kumi na moja zilirudi kwa anwani mbovu, na zile nyingine hakuna aliyejua.

Mambo yangeweza kwenda hivyo, kama si Jumatatu ya tarehe kumi na tisa.

Siku hiyo mkuu alikuwa kwenye vikao, akituma barua pepe kutoka kwenye simu. Karani alizipokea saba, zote na alama nyekundu, zote HARAKA. Ya kwanza ilikuwa ya orodha ya likizo. Ya pili, funguo za stoo. Ya tatu, mtu gani ameegesha pikipiki mlangoni. Akaacha kuzifungua, akaendelea kupanga majina ya Jumatano, nani asimame wapi, ili familia zisigongane. Saa tisa na nusu, akitafuta ile ya funguo kwa kuwa mhudumu wa stoo alikuwa amesimama mbele yake, alifungua ya tano kwa makosa.

Mkuu alikuwa amemtumia ujumbe wa mkandarasi kama ulivyo, bila neno lake hata moja zaidi ya HARAKA. Mkandarasi alisema amepata nafasi mapema. Watu wake wangeanza kesho, Jumanne tarehe ishirini, saa moja asubuhi.

Familia tisini na sita. Karani alimwacha mhudumu wa stoo amesimama, akapanda ngazi mbilimbili, akamkuta mkuu anatoka kikaoni na mafaili kifuani.

"Mkuu, mkandarasi anaanza kesho."

"Najua. Nilikutumia saa nne asubuhi. Nimeandika HARAKA."

"Umeandika saba, mkuu."

"Saba nini?"

Karani akatoa simu yake, akamwonyesha. Likizo, funguo, pikipiki, karatasi za choo, mkandarasi, mkutano wa michezo, chai. Zote zimesimama kwenye mstari mmoja, zote nyekundu, kama wanafunzi wa sare moja. Mkuu alizitazama. Akaiteremsha orodha kwa kidole gumba, akaipandisha. Karani alimwona anatafuta ile ya mkandarasi, naye hakuipata mara ya kwanza.

"Sasa je," alisema mkuu, lakini si kwa ukali. "Tuwapigie wote? Watu tisini na sita, kabla ya jioni?"

"Tunaweza kujaribu. Nusu hawatapokea. Wengine wanatoka miji mingine, wameomba ruhusa ya Jumatano. Mkuu, tumeondoa kila kitu kwenye ile barua ili tubaki na hiyo tarehe. Ndicho kitu pekee tulichowakolezea. Tukiivunja hiyo, hawatatusoma tena maisha."

Mkuu alisimama kwenye korido. Watu walipita wakisalimia, hakuitikia. Kisha akampa karani mafaili yote, akatoa simu, akampigia mkandarasi.

Karani alisikia upande mmoja tu. "Ndiyo, nimeona ujumbe wako... Hapana... Hapana, sikiliza, kijana wangu, mkataba unasema tarehe ishirini na moja... Najua una nafasi. Mimi nina watu mia moja walioambiwa Jumatano." Akatulia, akasikiliza kwa muda mrefu. "Basi nileteeni hoja yenu kwa maandishi, na mimi nitajibu kwa maandishi. Lakini kesho hakuna jembe litakalogusa pale. Na afisa afya nampigia sasa hivi asije. Bila yeye huwezi kuanza, na unalijua hilo."

Akakata simu.

"Amekubali," alisema. "Amenuna, lakini amekubali."

Wakateremka ngazi pamoja, karani bado amebeba mafaili. Walipofika chini mkuu akasema, bila kumtazama, "Ile ya mapipa ya taka, mwaka jana. Ni mimi niliyeandika HARAKA SANA?"

"Ni wewe, mkuu."

"Mapipa," alisema mkuu, akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyejikwaa peke yake. Akaingia ofisini kwake. Siku ile hakutuma barua pepe nyingine. Kesho yake alituma moja, haina alama, na kichwa chake kilikuwa: "Jumatano tarehe 21, saa moja na nusu: wote tuwe makaburini." Watumishi waliisoma mara mbili wakidhani mtu mwingine ndiye ameiandika.

* * *

Jumatano kulikuwa na ubaridi na nyasi zilikuwa na umande. Watu walianza kufika kabla ya saa mbili, wawili wawili, familia kwa familia, wakizungumza kwa sauti za chini. Kati ya tisini na sita walikuja themanini na nane. Watu wengine wawili walifika bila kujiandikisha, ndugu wawili waliosema barua ilimkuta jirani. Karani akawaandika palepale, amepiga goti, daftari juu ya paja.

Mkunga naye alikuja, ingawa hakuwa na mtu kwenye safu zile. Karani alimwona amesimama karibu na bomba, amevaa viatu vya mpira.

"Mama, mbona umesumbuka?"

"Kuna ambao hawakuja," alisema. "Nipe majina yao."

Karani alimtazama. Kisha akachana ukurasa wa mwisho wa orodha yake, wenye majina ambayo hayakuwa na alama pembeni, akampa.

Kazi ilianza. Watu wa mkandarasi walichimba polepole, afisa afya akisimamia, na kila kaburi lilipofunguliwa karani alisoma jina na namba, na sauti ikajibu kutoka kwenye umati: tupo. Wakati mwingine ilikuwa sauti moja, wakati mwingine ukoo mzima. Mkuu wa idara alisimama upande wa pili, mikono nyuma, hakumwamrisha mtu yeyote. Fundi saa alitandaza shuka jeupe kwa mikono yake mwenyewe, akaomba asisaidiwe.

Ilipofika zamu ya kaburi la kwanza lisilo na mwenyewe, karani alisoma jina, akasubiri. Hapakuwa na jibu. Mkunga akasogea ukingoni, akaiinua karatasi karibu na macho, akalisoma lile jina tena, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Kisha akasema, "Twende, baba," na wachimbaji wakaendelea.